Matabaka ya mwaka kwenye tope la Ziwa Kivu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa jiolojia na mazingira wa Goma na Bukavu, na watu wa mipango ya majanga wanaotaka kujua mto fulani ulifurika mara ngapi kabla ya kuwepo daftari la mvua. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Varvi ni nini hasa?

Ni tope la mwaka mmoja lililotua chini ya ziwa na kubaki pale bila kuchanganywa. Kwa kawaida huonekana kama jozi: mstari mweupe na mstari mweusi. Jozi ikikamilika, mwaka umepita. Neno limetoka Kiswidi, na maana yake ni mzunguko. Liliingizwa katika sayansi na mjiolojia wa Uswidi Gerard De Geer, aliyehesabu matabaka yaliyoachwa na barafu ilipokuwa ikiyeyuka kwao. Kwetu hakuna barafu inayoyeyuka ziwani. Kalamu yetu ni kiangazi na mvua.

Tahadhari moja tangu mwanzo: mistari mizuri kwenye tope siyo varvi mpaka ithibitishwe kwamba inajirudia kila mwaka. Kabla ya hapo ni mistari tu. Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu jinsi ya kuvuka kutoka «mistari» hadi «miaka», kwa sababu ndipo kazi nyingi huharibikia.

Kwa nini Kivu ina mistari na maziwa mengine hayana?

Adui wa mistari ni viumbe vya chini. Minyoo, mabuu ya wadudu na konokono hupekua tope kama kuku anavyopekua jalala, na baada ya miezi michache hakuna tena mweupe wala mweusi. Viumbe hivyo vinahitaji oksijeni. Katika Kivu, chini ya mita 60 hivi, oksijeni haipo mwaka mzima, kwa sababu maji ya chini yana chumvi na gesi nyingi, ni mazito, na hayapandi kuchanganyika na ya juu. Kinachotua pale hubaki kilivyotua.

Wasomaji wa Lubumbashi huuliza kuhusu Ziwa Tshangalele na Mweru. Majira yao yangefaa, maana huko mvua ni moja na kiangazi ni kimoja, lakini kina hakitoshi. Tshangalele ni bwawa lililotokana na ukuta wa Mwadingusha wa mwaka 1930, na Mweru ni pana lakini fupi kwa kina. Upepo hufika chini, oksijeni hufika chini, na minyoo hufuata. Usipoteze pesa zako huko kwa kutafuta varvi. Tanganyika upande wa Kalemie ni habari nyingine: kina kipo, na chini hakuna oksijeni.

Huku tuna mvua mara mbili kwa mwaka. Si tutahesabu kila mwaka mara mbili?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na jibu lake ndilo linaloamua kama kazi yako ina maana.

Goma na Bukavu zina mvua kuanzia Septemba hadi Desemba, kisha kipindi kifupi cha kupungua karibu na Januari, kisha mvua tena hadi Mei. Mto ukileta udongo mara mbili, unaweza kupata mistari miwili myeusi kwa mwaka mmoja. Anayehesabu mistari myeusi atasema karoti yake ina miaka 200, kumbe ina 100. (Tunaita «karoti» ule mche wa tope unaotoka bombani, kama wanavyosema watu wa migodi ya Katanga.)

Kwa hiyo usihesabu mstari mweusi, hesabu mweupe. Sababu ni hii. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kiangazi hupoza uso wa ziwa na kuyachanganya maji ya juu hadi karibu na ule mpaka wa mita 60. Virutubisho vilivyokuwa vimekaa chini hupanda, na diatomu huzaliana kwa wingi. Diatomu ni mwani wa chembe moja wenye ganda la kioo. Wakifa, maganda yao hutua na kuweka mstari mweupe. Kipindi kifupi cha Januari hakina upepo wala ubaridi wa kutosha kufanya kazi hiyo kikamilifu. Mvua ni mbili, lakini mchanganyiko mkubwa wa maji ni mmoja tu kwa mwaka.

Hiyo ni nadharia, na nadharia huthibitishwa kwa mtego. Chukua bomba la plastiki lenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 60, lizibe chini kwa chupa inayofunguka, litundike wima kwenye kamba. Weka moja kwenye mita 50 na jingine kwenye mita 130. Boya la kushikilia kamba lisifike usoni. Liache mita chache chini ya maji, vinginevyo litanaswa na nyavu za sambaza au litaondoka na mtu usiku. Kabla ya kutega, zungumza na wavuvi wa eneo hilo uwaonyeshe mahali. Chupa hubadilishwa kila mwezi, kwa mwaka mmoja bila kuruka, na miwili ni bora. Mwisho wa mwaka unajua kila mwezi ulitua gramu ngapi na za nini. Diatomu wakitua kwa wingi mara moja, jozi yako ni mwaka. Wakitua mara mbili kwa kiasi kinacholingana, rudi kwenye hesabu zako.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika Ziwa Challa, chini ya Kilimanjaro, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Nako mvua ni mbili. Mitego ilionyesha kwamba mstari mweupe wa diatomu hutua wakati wa upepo wa katikati ya mwaka, na mweusi hutua wakati wa joto. Jozi moja, mwaka mmoja, licha ya mvua mbili.

Nimeona mstari mweupe. Nitajuaje kama ni diatomu?

Dondosha tone moja la asidi hidrokloriki ya asilimia 10. Mstari ukitoa povu, ni kaboneti. Ukikaa kimya, huenda ni diatomu. Jaribio hili la dakika moja ni la lazima Kivu, kwa sababu tangu miaka ya 1960 tope la ziwa hili lilianza kupokea aragoniti nyingi, aina ya kaboneti, nayo ni nyeupe vilevile. Mtu anayehesabu weupe wote bila kujaribu atakuwa anachanganya vitu viwili vyenye kalenda tofauti.

Kwenye hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, tofauti ni wazi zaidi: ganda la diatomu huzima na kuwa jeusi, aragoniti hung'aa kama chembe za sukari juani. Ukishaona mara moja huwezi kukosea tena.

Karoti huchukuliwaje bila kuharibu mistari ya juu?

Mistari ya juu ndiyo yenye thamani kubwa, kwa sababu ndiyo inayolinganishwa na daftari za mvua na matukio yanayojulikana. Pia ndiyo laini kuliko yote. Sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Bomba likishuka kwa kasi husukuma maji mbele yake, na maji hayo hupeperusha tope la juu kabla bomba halijafika. Unapandisha karoti safi kabisa ambayo imepoteza miaka kumi au ishirini ya mwisho, na hakuna dalili.

Tumia bomba angavu lenye upana wa sentimita 6 au zaidi na urefu wa mita moja hadi moja na nusu, lenye uzito juu na kifuniko kinachojifunga likivutwa. Toka alfajiri, ziwa likiwa limetulia. Teremsha hadi mita 5 juu ya sakafu, simama dakika moja au mbili ili kamba iache kuyumba, kisha shusha polepole kwa mkono. Likizama, subiri kidogo, halafu vuta bila kushtua. Likifika juu, liangalie kabla ya kushangilia: maji yaliyo juu ya tope yawe safi, na uso wa tope uwe tambarare. Maji yakiwa machafu kama chai ya maziwa, mwaga, sogea mita 20, rudia.

Kuanzia hapo karoti isilale. Toboa tundu dogo juu kidogo ya tope utoe maji yaliyobaki, kisha nyunyiza unga unaofyonza maji, ule uliomo ndani ya nepi za watoto. Unageuka ute mzito na kushikilia uso wa tope usitikisike barabarani. Barabara zetu mnazijua. Bila ute huo, karoti iliyotoka Kalehe ikiwa na mistari itafika Bukavu ikiwa uji.

Karoti yangu ilitoka na nyufa, na nyingine ilijisukuma yenyewe nje ya bomba. Kwa nini?

Gesi. Kwenye kina kirefu cha Kivu tope limejaa dioksidi ya kaboni na methani zilizobanwa na uzito wa maji. Ukipandisha, shinikizo linapungua na gesi inatoka, kama chupa ya Primus iliyotikiswa. Mapovu hupasua tope kwa mlalo na kusogeza mistari.

Dawa ya kwanza ni kuchagua kina. Unahitaji mahali penye oksijeni sifuri lakini gesi kidogo. Chini ya mita 260 hivi gesi huongezeka sana, kwa hiyo kwa kuhesabu miaka, mita 100 hadi 200 zinatosha kabisa. Hakuna sifa ya ziada kwa kwenda chini zaidi. Dawa ya pili ni kutoboa bomba matundu ya milimita 2 kila baada ya sentimita chache kabla ya kutoka nyumbani, na kuyafunika kwa utepe. Karoti ikifika mtumbwini, toboa utepe kwa sindano kuanzia chini kwenda juu, polepole. Usizibe pande zote mbili kwa nguvu na kuiweka ndani ya gari lililofungwa: kizibo kitaruka, na harufu ya yai bovu itakayofuata siyo ya kudharau.

Ufa wa gesi hutambulika kirahisi. Kingo zake za juu na chini zinalingana kama karatasi iliyochanwa, na ndani hamna kitu. Pima upana wake, uutoe kwenye kina, endelea kuhesabu. Hakuna mwaka uliopotea pale.

Kuhesabu kwenyewe kunakuwaje?

Karoti hupasuliwa katikati kwa urefu, husafishwa kwa kisu chembamba kwa kukata kufuata mistari (kamwe si kutoka juu kwenda chini, utapaka tope la leo juu ya la zamani), na hupigwa picha papo hapo. Papo hapo maana yake dakika, siyo kesho. Weusi mwingi ni madini ya chuma na salfa yanayogeuka kahawia yakikutana na hewa, na kufikia jioni mistari mingine imefifia.

Picha hutosha kama jozi ina milimita mbili au zaidi. Ikiwa nyembamba kuliko hapo, lazima kipande chembamba cha hadubini. Vipande vya sentimita 10 kwa 2 kwa 1 hukatwa vikipishana sentimita 2 ili pasiwepo pengo kwenye maungio. Hugandishwa ghafla kwa azoti ya majimaji, kwa sababu vikiganda polepole kwenye friza ya kawaida barafu huota sindano na kuchana mistari. Hukaushwa vikiwa vimeganda, hulowekwa kwenye rezini nyepesi hadi ijae kila tundu, kisha husagwa hadi unene wa milimita 0.03, mwanga upite. Hatua inayoshinda watu ni rezini: ikiwa nzito au ikiharakishwa, katikati hubaki unga, na kipande hutoboka kikisagwa.

Watu watatu huhesabu karoti ileile bila kuonyeshana. Tuseme kwenye sentimita 30 za juu mmoja amepata 212, mwingine 218, wa tatu 209. Wastani ni 213, na tofauti ni kama tano juu au chini, takriban asilimia 2. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini usiishie kuandika namba. Rudini pamoja mahali mlipotofautiana. Karibu kila mara ni sehemu mbili au tatu tu, siyo karoti nzima, na mara nyingi ni mstari mweupe mwembamba ambao mmoja aliuita mwaka na mwingine akauona kivuli.

Makubaliano ya watu watatu hayathibitishi kwamba jozi ni mwaka. Watu watatu wanaweza kukosea kwa pamoja vizuri sana.

Basi uthibitisho wa nje unatoka wapi?

Kutoka kwa risasi-210, ambayo hunyesha kutoka hewani na kupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22.3. Tuendelee na mfano huohuo wa kufikirika. Ndani ya milimita 300 mna matabaka manne mazito ya mafuriko yenye jumla ya milimita 44. Hayo yalitua kwa saa au siku chache, siyo kwa miaka, kwa hiyo yanaondolewa kwanza. Zinabaki milimita 256. Gawa kwa jozi 213: milimita 1.2 kwa jozi.

Jozi ikiwa mwaka, risasi-210 inapaswa kubaki nusu kila ukishuka milimita 27 (1.2 mara 22.3). Lakini kama kila jozi ni nusu mwaka, yaani mvua mbili zimekudanganya, tope linatua milimita 2.4 kwa mwaka, na risasi-210 itapungua nusu kila milimita 54. Tofauti kati ya 27 na 54 ni kubwa mno kufichwa na makosa ya kipimo. Vipimo kumi na viwili hivi vinatosha kukata kesi. Angalizo: tope la juu lina maji mengi na limevimba, kwa hiyo hesabu ya mwisho ifanywe kwa uzito mkavu, siyo milimita. Milimita ni za kuelewea. Na baada ya miaka mia na kitu, risasi-210 imepungua hadi haisomeki tena.

Sesiamu-137 ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo maabara za Ulaya huitegemea kwa kilele cha 1963, huku karibu na ikweta ilianguka kidogo. Ukiipata, shukuru, lakini usipange kazi yako juu yake.

Kaboni-14 je?

Kwenye Kivu ni mtego, na wengi wamenaswa. Dioksidi ya kaboni inayopanda kutoka volkeno haina kaboni-14 hata chembe, ni ya zamani mno. Mwani na aragoniti hutumia kaboni ya ziwa, kwa hiyo huzaliwa wakiwa tayari wazee. Sehemu moja tu kati ya tano ya kaboni ikiwa ya volkeno, umri unaosomeka utaongezeka kwa takriban miaka 1,800. Mbaya zaidi, kiasi hicho hubadilika jinsi ziwa lilivyobadilika, kwa hiyo huwezi kutoa namba moja kutoka kwenye umri wote ukamaliza.

Njia salama ni kupima kitu kilichoota nchi kavu: jani, mbegu, kijiti chembamba. Hivyo vilivuta hewa, siyo ziwa. Epuka kipande kikubwa cha mti, kwani kinaweza kukaa miaka mingi mlimani kabla mto haujakileta. Na tunaposema kijiti ni cha nchi kavu, tunamaanisha umekitambua kwenye hadubini. Siyo kwamba kinafanana na kijiti.

Tabaka la mafuriko linaonekanaje katikati ya mistari ya kawaida?

Kama mgeni. Ni nene kuliko majirani wake, rangi yake ni ya udongo wa mlimani, kahawia au kijivu, na ndani yake mna chembe za madini, vipande vya majani na mizizi. Ukiligusa kwa kidole linakwaruza kidogo, wakati tope la diatomu linateleza. Chembe nzito ziko chini na laini juu, kwa sababu maji yalipotulia nzito zilitangulia. Mara nyingine kwenye msingi kabisa chembe zinaanza laini, zinaongezeka, kisha zinapungua: hiyo ni picha ya mto ukijaa na kupungua. Mashine inayosoma kemia kwenye uso wa karoti itaonyesha titani ikipanda ghafla, kwa kuwa titani hutoka kwenye miamba ya nchi kavu na diatomu hawana.

Utamu wake ni kwamba varvi haikupi mwaka tu, inakupa na msimu. Tabaka la udongo likiwa limekaa mara moja chini ya mstari mweupe, mafuriko yalikuja mwishoni mwa mvua, Aprili au Mei, kisha kiangazi kikafunika. Likiwa mara moja juu ya mstari mweupe, yalikuja mvua zilipoanza, Septemba au Oktoba.

Mafuriko ya Kalehe ya 2023 yataonekana?

Bushushu na Nyamukubi ziko ukingoni mwa ziwa, na usiku mmoja mwanzoni mwa Mei 2023 maji na mawe yaliua watu zaidi ya 400. Udongo mwingi uliingia Kivu. Unachopaswa kutafuta ni tabaka la kahawia lililokaa mara moja chini ya mstari mweupe wa kiangazi cha 2023. Juu yake kuna jozi chache tu, milimita chache za tope laini, kwa hiyo ni karoti iliyochukuliwa kwa uangalifu wa hali ya juu tu itakayolitunza.

Usichukue karoti moja. Panga mstari kutoka mdomo wa mto: mita 300, mita 700, kilomita moja na nusu, kilomita tatu. Tabaka la mto linapaswa kupungua unene na ukubwa wa chembe kadiri unavyokwenda mbali. Lakini Kivu ina tabia yake: maji machafu ya mto hushuka hadi yakutane na maji mazito kuliko yenyewe, halafu yanaweza kutambaa katikati kama moshi chini ya dari, na udongo laini ukanyesha taratibu mbali na mto. Hivyo tabaka jembamba la udongo laini mahali pasipo na mteremko wa moja kwa moja siyo ajabu.

Tukio hili lina faida kwa anayehesabu. Ni alama yenye tarehe. Miaka kumi baada ya tukio, jozi zilizo juu ya tabaka hilo lazima ziwe kumi. Zisipokuwa, kalenda yako ina kasoro.

Nitalitofautishaje na maporomoko ya chini ya ziwa, labda ya tetemeko?

Bonde hili hutikisika. Tetemeko la Bukavu la tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Mtikisiko hubomoa miteremko ya tope ndani ya ziwa lenyewe, na tope hilo hutua upya likiwa limepangika nzito chini laini juu, kama mafuriko. Kwa macho ni mapacha.

Angalia lilichobeba. Mafuriko hubeba nchi kavu: majani, udongo, titani. Maporomoko hubeba ziwa lenyewe: diatomu wa miaka tofauti waliovunjika, madonge ya mistari ya zamani yaliyopinda, na aragoniti mahali ambapo majirani hawana. Angalia pia mahali: mafuriko ya mto mmoja huonekana mbele ya mto huo, tetemeko huweza kuangusha miteremko ya pande mbili za ziwa siku moja. Ukikuta tabaka la namna hiyo kwenye mabonde matatu yasiyo na mto mmoja, katika jozi ileile, usiandike mafuriko.

Na angalia msingi wake. Maporomoko yenye nguvu hukwangua yaliyo chini. Tuseme kati ya alama mbili zinazotambulika karoti ya kwanza ina jozi 31, na ya pili ina 24 na tabaka nene lenye msingi uliochongoka. Miaka saba imekwanguliwa kwenye ya pili. Bila karoti ya kwanza usingejua kamwe. Hii ndiyo sababu kazi ya karoti moja, hata ikiwa nzuri namna gani, hatuiamini.

Nikijua umri wa tabaka moja, si naweza kugawa kina kwa wastani nipate mengine?

Unaweza, na utakosea. Tabaka la mafuriko liko kwenye kina cha milimita 137. Ukigawa kwa 1.2 unapata miaka 114. Lakini juu yake kuna matabaka mengine mawili ya mafuriko yenye jumla ya milimita 17. Yaondoe: 120 kugawa kwa 1.2 ni miaka 100. Umekosea miaka 14, na ukilinganisha na daftari la mvua utakuta mwaka mkavu kabisa, kisha utalaumu daftari.

Jozi nene maana yake mvua nyingi?

Hapana, siyo kwa jumla. Kwenye ziwa ambalo unene hutokana na udongo wa mto, pengine ndiyo. Kwenye ziwa ambalo unene hutokana na diatomu, jozi nene inaweza kumaanisha kinyume chake. Challa ni mfano: mwaka wenye upepo mkali na ukavu huchanganya maji zaidi, hulisha diatomu zaidi, na jozi hunenepa. Miaka ya El Ninyo, yenye mvua nyingi na upepo dhaifu huko Afrika Mashariki, huacha jozi nyembamba. Mtu asiyejua hilo angesoma hali ya hewa kichwa chini.

Kwa hiyo pima mweupe na mweusi kando kando, halafu linganisha kila mmoja na kipimo cha mvua na upepo cha miaka inayojulikana. Unahitaji angalau miaka 30 ya pamoja kabla ya kusema lolote kuhusu karne iliyopita.

Matabaka ya mafuriko yameongezeka miaka ya karibuni. Ni tabianchi?

Huenda, lakini uliza kwanza msitu ulikuwa wapi. Mlima uliofyekwa hutoa udongo mwingi kwa mvua ileile. Mafuriko ambayo miaka 80 iliyopita yasingeacha hata mstari leo yanaacha milimita 3. Kizingiti kimeshuka, siyo lazima mvua imeongezeka. Vilevile mafuriko makubwa yaweza kutoacha kitu, kama mto ulimwaga udongo wake wote kwenye tambarare kabla ya kufika ziwani. Ukosefu wa tabaka siyo ushahidi wa mwaka mtulivu.

Namna ya kupunguza shaka ni kuchukua karoti mbele ya mito miwili: mmoja wa bonde lililolimwa, mwingine wa bonde ambalo bado lina miti. Matabaka yakiongezeka kote kwa wakati mmoja, hoja ya mvua ina miguu. Yakiongezeka upande wa mashamba tu, kwa kipindi ambacho mashamba yaliongezeka, tafuta jibu mlimani.